Sista Marambili Mbele ya Kipaza Sauti

Wodini walimwita Sista Marambili, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka kumi na mmoja alikabidhi zamu kwa kusoma kila dozi mara mbili: "Miligramu mia mbili hamsini. Nasema, mia mbili hamsini." Ulimi ukiteleza, alisimama, akarudi nyuma, akasahihisha. Hakuna mgonjwa aliyewahi kudhurika kwa sababu ya mdomo wake.

Sasa mdomo huohuo ulikuwa unamfungia mlango. Mumewe na binti yao walitangulia ng'ambo mwaka juzi. Yeye alibaki na barua ya ajira ya huko inayokwisha muda mwisho wa mwezi, na ili aifuate ilimpasa afaulu mtihani wa Kiingereza unaosahihishwa na kompyuta. Alikwisha kuufanya mara mbili. Kusoma, kuandika, kusikiliza, vyote safi. Kuzungumza kukamwangusha. Na hapakuwa na wa kumuuliza kisa. Mwalimu ukibishana naye, angalau atakunja uso. Mashine haina uso wa kukunja.

Akamwendea mtangazaji mmoja mstaafu, aliyekuwa akifundisha kwenye chumba nyuma ya duka la fotokopi. Mzee alisikiliza kwenye simu rekodi yake ya kusoma aya ya Kiingereza kwa sauti, hadi mwisho.

"Mama, wewe husomi. Unatoa ushahidi mahakamani."

"Nasahihisha kosa, mzee wangu. Kuliacha ni uzembe."

"Kwa mgonjwa, sawa. Kwa mashine, neno likikuponyoka umepoteza neno hilo tu. Ukirudi kuliokota, umepoteza na mwendo. Inahesabu kusita, inahesabu kurudia. Ukinyamaza kama sekunde tatu, kipaza sauti kinajifunga, unabaki unaongea na ukuta."

"Kuongea na ukuta nimeshazoea."

Mzee hakucheka. Alichukua penseli akakata aya vipande, kila kipande maana moja. "Pumua hapa, si pale. Neno lenye uzito liinue, vijineno vidogo vipite kwa wepesi. Kwenye nukta shusha sauti. Na usikimbie, hakuna anayekufukuza." Sentensi za kusikia na kurudia alimsomea mara moja tu, kama mtihani unavyofanya. "Usidake neno moja moja kama mtu anayekimbiza kuku. Shika maana na mdundo wake, kisha irudishe kwa mafungu mawili matatu, papo hapo."

Basi kila mchana kabla ya zamu alikaa kitandani, akasoma, akajirekodi, akajisikiliza, akasoma tena. Nguo za binti ambazo zilikuwa zimeshambana bado zilikunjwa kwenye kiti. Katika nyumba ile sauti pekee iliyomjibu ilikuwa yake mwenyewe, na kila siku ilizidi kunyooka.

Wiki moja kabla ya mtihani, akikabidhi zamu, alisoma orodha kama maji yanayoteremka. Kitanda cha sita akasema mia tano badala ya hamsini. Alisikia kosa likimtoka. Akapita.

"Sista, rudi hapo cha sita," muuguzi mwenzake akamwambia, kalamu juu. "Na mbona leo hurudii?"

Likasahihishwa, hakuna aliyeumia. Lakini alikwenda stoo ya mashuka akakaa chini. Miaka kumi na mmoja. Watu wa mtihani huu wanataka kwanza aache kuwa muuguzi, ndipo wampe kazi ya uuguzi. Na aliyeipanga kanuni hiyo hatakaa alale kitanda cha sita.

Siku ya mtihani walikuwa kumi chumbani, kila mmoja na hedifoni zake na skrini yake, wote wakisema kwa pamoja na hakuna aliyesema na mwenzake. Alisogeza kipaza sauti pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi isikipige. Akangoja mlio, akaanza. Aya ya tatu, neno likavunjika katikati. Mwili mzima ulitaka kurudi.

Katika sentensi hii hakuna aliyelala, akajiambia. Hakuna mgonjwa hapa.

Akaliacha neno chini, akaenda hadi kwenye nukta, akashusha sauti.

Matokeo yalikuja baada ya siku mbili: amefaulu, na kuzungumza kumevuka kiwango walichotaka. Alikuwa peke yake jikoni. Akapiga simu, binti akapokea.

"Nimefaulu mtihani, mwanangu, na mwezi ujao nakuja kukaa na nyinyi," akasema, kwa pumzi moja, laini.

Binti akauliza kwa mashaka:

"Mama, hii ni wewe au ni rekodi?"

"Ni mimi."

"Basi sema kitu kama ulivyozoea."

Akafungua mdomo, na sentensi ileile ikamtoka tena, kwa pumzi moja, laini.