Kabati la Mama Mkwe

Muuza mkaa, jirani yetu, anasema nilimtupia mama mkwe kabati lake nje. Anasema nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikimwamrisha mume wangu kama kibarua, na mama wa watu akabaki uani analia. Anavyojua kusimulia, hata mimi nikimsikiliza namwonea huruma huyo mama.

Kabati lilitoka kweli. Ila uani halikufika.

Tunaishi kwa wakwe zangu, chumba kinachopakana na sebule. Kabati la mama nililikuta humo, la milango mitatu, limejaa mashuka na mablanketi ya wageni. Sisi tulipewa rafu moja ya chini. Basi mama alikuwa anaingia saa yoyote, hodi hakuna, maana anafuata shuka lake. Nilijifunza kuvaa haraka. Mama nampenda, hilo niliseme mapema. Nilipougua mwezi mzima ni yeye aliyenifulia. Lakini kupendwa na kuchunguliwa ni vitu viwili.

Tulipoanza kwenda kliniki kutafuta mtoto, mimi na mume wangu tulipatana. Wazazi wake atasema nao yeye, wangu nitasema nao mimi. Na asitokee mtu wa kusema "mwenzangu hataki". Ni "tumeamua", basi. Majibu ya vipimo yalipotoka yalionyesha tatizo liko kwa mmoja wetu. Nani, hata wewe unayesoma sikwambii. Tuliificha karatasi chini ya nguo zangu, kwenye ile rafu. Kosa letu hilo: kuficha siri ndani ya kabati la mtu mwingine.

Mama akaipata. Hajui kusoma, akampelekea muuza mkaa. Mwandiko wa daktari ukamshinda na huyo, akasoma jina la kliniki, mengine akajaza mwenyewe. Kufika jioni mtaa mzima ulijua mimi sizai.

Mama alinivuta jikoni. "Mwanangu, tatizo liko kwako, eh? Sema tu, mimi si mama yako?"

Ulimi uliniwasha, wacha. Nikasema, "Mama, tunalishughulikia sisi wawili. Likiwa la kuwaambia, tutawaambia."

Mume wangu ni seremala; alirudi kazini, hajaweka hata msumeno chini, akavutwa uani. Nilikuwa naosha sufuria karibu na dirisha. "Ni mkeo, siyo? Niambie mimi mama yako."

"Mama, tunalishughulikia sisi wawili. Likiwa la kuwaambia, tutawaambia."

"Mmekaririshana!" mama akafoka. "Kama watoto wa darasa la kwanza!"

Nilicheka peke yangu mpaka povu likaniingia jichoni. Hatukuwa tumekaririshana. Tulikuwa tumelisema mara nyingi tukiwa wawili, likatuingia.

Baada ya chakula mume wangu aliwaomba wazazi wakae. Mimi nilikaa kando yake, kimya, kama tulivyopatana.

"Mama, karatasi ile ilikuwa yetu. Kuitoa nje ya nyumba hii kumetuumiza wote wawili. Nakuomba isitokee tena. Na kabati nitalihamishia chumbani kwenu, ili ukitaka shuka usipite kwetu."

"Nani kakutuma?" Macho ya mama yalikuwa kwangu.

"Hajanituma mtu. Tumeamua."

"Kabati hilo nimekuja nalo nikiwa bibi harusi! Na mlangoni halipiti."

"Nitalifungua, mama. Nitalijenga upya kwako, na ule mlango unaolia nitautengeneza."

Baba mkwe, ambaye huwa hasemi mpaka chai iishe, aliweka kikombe chini. "Lete. Nimezoea kulala na mmoja anayelia, wawili sitashindwa."

Mama alimpiga na kanga. Lakini alicheka kidogo, nilimwona.

Jumamosi mume wangu alilifungua ubao kwa ubao, kila ubao kauandika namba kwa chaki. Mimi nilishika skrubu kwenye bakuli. Mama alilia, ndiyo, alipouona mgongo wa kabati na alama za fundi wa zamani. Niliweka bakuli chini nikamshika bega, naye hakuukwepa mkono wangu. Hayo muuza mkaa hakuyaona. Mlangoni kwetu mume wangu akafunga komeo. Dogo tu, la ndani. Nililifungua na kulifunga kama mara kumi.

Jana mchana nilikuwa nakunja nguo, nikasikia hodi. Hodi! Nikasema karibu, na mlango haukufunguka mpaka nilipoufungua mimi. Mama alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kanga yake kaishika mikono miwili. Nilijisikia mrefu, Mungu anisamehe.

Akachungulia ukutani, pale palipokuwa na kabati, pamebaki na rangi mpya. Kisha akashusha sauti.

"Mume wako hayupo. Mwanangu, niambie mimi tu, mwanamke kwa mwanamke. Sitamwambia mtu, hata yeye sitamwambia kama umeniambia. Ni wewe, au ni mwanangu?"

Nikamsogezea kiti. Akakaa, akanitazama, akasubiri. Nikachukua shati la mume wangu, nikalinyoosha mikono, nikaendelea kukunja.