Seva Nzima, Taa Nyekundu

Mdogo wangu na mke wake walikuwa hawasemeshani siku ya tatu, na sababu ilikuwa kochi. Mke alipima mlango, akamwambia mumewe kochi halitapita. Mume akalinunua. Kochi halikupita. Likakaa koridoni, limeegemea ukuta kama mgeni aliyekatazwa kuingia, na kila mtu akawa analiruka kwenda kulala.

Hayo ya nyumbani kwao yasingenihusu, ila wote wawili wanafanya kazi chini yangu. Sisi ndio tunaoendesha mfumo wa tiketi wa kampuni ya mabasi. Mke ndiye aliyeandika mfumo mpya, na ofisi nzima inamwita Fundi. Mume anashika mtandao, chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi, naye anaitwa Bwana Mtandao. Mimi ni mkuu wa kitengo. Shule niliiacha mapema, lakini mfumo ukilala ni mimi ninayeitwa kuulizwa, kwa hiyo ilibidi nijifunze unavyosimama na unavyoanguka.

Asubuhi hiyo tuliweka mfumo mpya. Shule zilikuwa zinafungwa, na saa sita mchana tiketi za likizo zingeanza kuuzwa. Mkurugenzi wetu alikuwa dereva wa basi zamani na mpaka leo tunamwita Dereva, tena mbele yake. Alipita mapema, mikono nyuma, akamwambia Fundi, "Mwanangu, mwaka mzima nimekusikiliza. Saa sita ikifika huu mpya haujasimama, tunarudisha ule wa zamani, na huu sitaki kuusikia tena."

"Utasimama, bosi," Fundi akasema.

Alipotoka tu, nikatazama skrini ya ukutani. Seva zote nne, zile kompyuta zinazokata tiketi, zilikuwa nyekundu.

Nieleze kidogo. Abiria akifungua tovuti yetu hafiki kwenye seva moja kwa moja. Anapokelewa kwanza na mtambo mmoja unaosimama mbele, sisi tunauita Mgawaji, kazi yake kumpeleka kila abiria kwenye seva yenye nafasi. Ili asimpeleke mtu kwa maiti, kila baada ya sekunde chache Mgawaji anabisha hodi kwa kila seva kwenye anwani moja maalumu ya kuulizia afya. Seva ikijibu vizuri inaandikwa kijani. Ikikosea mara tatu mfululizo inaandikwa nyekundu, na haipelekewi mtu. Zote zikiwa nyekundu, abiria anaambiwa huduma haipatikani, basi.

"Seva zako zimekufa, shemeji," nikamwambia Fundi.

"Hazijafa. Njoo uone."

Akaifungua seva ya kwanza moja kwa moja, bila kumpitia Mgawaji. Ukurasa ukaja upesi. Akachagua basi, akachagua kiti cha dirishani, akakata tiketi ya majaribio. Ikatoka. Akafanya hivyo hivyo kwa ya pili, ya tatu na ya nne. Zote zinakata tiketi kama kawaida, na juu ya vichwa vyetu skrini inasema zote ni wagonjwa.

"Mwambie ndugu yako Mgawaji wake amelewa," akasema.

Nikavuka ukumbi. Bwana Mtandao alikuwa amekunja uso mbele ya kompyuta yake.

"Kaka, mwambie Fundi wako Mgawaji hadanganyi. Anabisha hodi, hapati jibu la maana. Aziangalie seva zake."

"Ameziangalia, zinafanya kazi."

"Basi aziangalie tena."

Nikarudi. Nikatumwa tena. Nikavuka ukumbi ule mpaka yule dada wa mapokezi akaniuliza kama natafuta choo.

Wakati huo akaingia Zima-Washa, fundi wetu wa zamu, amechelewa kama kawaida. Jina hilo alipewa kwa sababu dawa yake ni moja: kitu kikikorofisha, zima, washa. Printa, kompyuta, hata feni. Akatazama skrini, akasema, "Aisee, hali mbaya," akaketi, akabonyeza vitu fulani, akaanza kumenya ndizi. Sikumtilia maanani.

Nilichoka. Nikaenda kumshika mdogo wangu mkono, nikamleta mpaka meza ya mkewe, nikavuta kiti.

"Kaa. Ya kochi mtagombana jioni. Sasa hivi mnieleze, Mgawaji anabisha hodi wapi hasa?"

Bwana Mtandao akaniambia mimi, si mkewe, "Anapobisha siku zote. Kwenye /afya."

Fundi akaacha kuandika. Akafungua kumbukumbu za seva, zile zinazoonyesha nani alikuja na alijibiwa nini. Tukaona. Mgawaji alikuja kwa wakati wake, akauliza /afya, akajibiwa 404, yaani hakuna kitu kama hicho hapa. Akaja tena, jibu lile lile. Tena na tena, ukurasa mzima wa asubuhi ile.

"Ile anwani niliihamisha," Fundi akasema taratibu. "Sasa ni /mfumo/afya."

"Na hukuniambia?" Hapo Bwana Mtandao akasahau kwamba hawasemeshani.

"Ningekuambia saa ngapi, wewe ukiwa umelala kwa mama yako?"

Nikaelewa. Hawa wawili mambo yao ya kazi walikuwa wanayamalizia mezani, wakila. Mke anasema nimebadilisha hiki, mume anasema haya nitarekebisha kwangu, asubuhi kila kitu kiko sawa. Hakuna aliyeandika chochote popote, na mimi nilikuwa nawasifu kwa wengine jinsi wanavyoelewana. Kochi likafika, chakula cha pamoja kikakoma, na habari ya anwani ikakoma nacho. Wajinga tulikuwa watatu.

"Badilisha," nikamwambia mdogo wangu.

Akabadilisha hapo hapo, kwenye kompyuta ya mkewe. Tukainua macho kwenye skrini, tukingoja kijani.

Nyekundu.

Tukangoja zaidi. Nyekundu zote nne. Fundi akajaribu kufungua seva ya kwanza moja kwa moja kama asubuhi, na safari hii haikufunguka kabisa.

"Umefanya nini?" akamuuliza mumewe.

"Mimi? Nimebadilisha anwani tu. Hii ni yako."

"Asubuhi zilikuwa nzima, shemeji ni shahidi."

"Ni kweli," nikasema. "Nimeona kwa macho yangu tiketi ikitoka."

Kwenye mlango wa kioo Dereva alikuwa amesimama na chai yake. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama Fundi, akanywa chai. Afadhali angetukana.

Fundi akavuta kiti karibu na skrini yake. Akafungua tena kumbukumbu, akasoma kwa sauti. "Inaanza. Inapakia njia za mabasi. Inapakia ramani za viti." Akashuka mistari kadhaa. "Inaanza. Inapakia njia za mabasi. Inapakia ramani za viti. Inaanza tena. Haifiki mwisho. Kila ikikaribia kumaliza, inaanza upya."

"Inaanguka yenyewe?" nikauliza.

"Hapana. Ikianguka yenyewe inaacha kosa limeandikwa. Hapa inazimwa vizuri tu, kama mtu amebonyeza."

Bwana Mtandao akamgeukia mkewe. "Inachukua muda gani kuamka?"

"Kama dakika mbili. Mpya inabeba viti vyote kichwani kabla ya kufungua mlango, ndiyo maana baadaye inakwenda kasi. Kabla ya hapo haijibu mtu."

"Na Mgawaji wangu anaiandika nyekundu kabla hata nusu dakika haijaisha."

"Lakini kuiandika nyekundu si kuizima," nikasema. "Mgawaji wetu hazimi seva. Anainyima abiria tu. Sasa nani anazima?"

Sote watatu tukamgeukia Zima-Washa.

Alikuwa amekaa, mikono juu ya tumbo, ndizi ameshamaliza. "Mnaniangalia nini? Sijagusa kitu. Tangu nimeingia nimekaa hapa."

"Hujagusa kitu kabisa?"

"Kabisa, mkuu. Siku hizi sigusi." Akatabasamu kwa fahari. "Nimeandika kijiprogramu. Kinamtazama Mgawaji, seva ikikaa nyekundu dakika moja, kinaizima na kuiwasha chenyewe. Nilikiwasha nilipoingia nikaona hali mbaya. Ninawasaidia."

Halafu Fundi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia, na mumewe akacheka, na mimi nikacheka. Zima-Washa naye akacheka ingawa hakujua kwa nini.

"Unamsaidia nani?" Fundi akamwambia. "Mtoto anaamka, hajakaa vizuri kitandani, unampiga kibao alale, halafu unasema mbona haamki."

"Kizime," nikasema.

"Nikizime kisha nikiwashe?"

"Ukikiwasha nitakuzima wewe."

Akakizima. Bwana Mtandao akavuta kibodi ya mkewe, naye Fundi hakumzuia. Akamwekea Mgawaji subira: seva ikianza upya, ipewe dakika tatu kabla hajaanza kuihesabia makosa. Wakati huo kwenye skrini inakuwa ya njano, kwa maana ya kwamba inaamka.

"Tatu zinatosha?" akauliza.

"Zinatosha. Siku ya mzigo mkubwa labda inachelewa kidogo, hiyo ya ziada itasaidia."

Wakaketi bega kwa bega. Njano zote nne. Mimi nilisimama nyuma yao nikijifanya nimetulia. Dereva aliingia sasa, akasimama pembeni yangu, akanong'ona, "Njano ni nini?"

"Inaamka, bosi."

"Basi langu la kwanza nalo lilikuwa hivyo. Ukilipiga gia likiwa baridi linazima."

Seva ya kwanza ikawa kijani. Kisha ya tatu, ya pili, ya nne. Fundi aliweka paji la uso juu ya meza, mumewe akamwekea kiganja mgongoni, wala hakukitoa.

Saa sita ikafika. Watu waliingia kama wamefunguliwa geti. Namba za tiketi zilianza kupanda kwenye kona ya skrini, na kwa muda tulizitazama tu kama watu wanaotazama mvua. Halafu seva ya pili ikawa nyekundu.

Mkono wa Zima-Washa ukaelekea kwenye kibodi.

"Weka mkono mfukoni," Fundi akamwambia, bila hata kugeuka.

"Hiyo imekufa?" Dereva akauliza.

"Haijafa, bosi. Imeelemewa, imechelewa kujibu hodi, kwa hiyo Mgawaji ameacha kuiletea watu. Itamalizana na watu iliyo nao, itarudi. Zile tatu zinabeba."

Tukangoja. Zima-Washa alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, midomo ameibana. Namba za tiketi ziliendelea kupanda. Dereva hakuondoa macho kwenye ile nyekundu, na mimi sikuondoa macho kwa Dereva.

Ikarudi kijani.

Dereva akatoa simu yake, akafungua tovuti yetu, akatafuta basi la alfajiri, akagonga kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva. Tiketi ikaja. Akaisoma mpaka mwisho, jina, kiti, saa ya kuondoka.

"Ule wa zamani," akasema, "uzimeni."

Zima-Washa akainua mkono mmoja kutoka chini ya makalio. "Huo nizime mimi, bosi?"

"Huo zima," Fundi akasema. "Usiwashe."