Kiu ya Mzee Idarusi

Bajaji ilisimama mlangoni mwa kituo cha afya adhuhuri, na Ayubu akamshusha baba yake kwa kumbeba. Mzee Idarusi alikuwa amelegea mwili mzima, macho nusu wazi. Nyuma yake alishuka mkewe, Bi Mwatumu, ameshika viatu vya mumewe mkononi.

"Daktari, ni kiharusi," Ayubu alisema kabla hata hajasalimia. "Tangu asubuhi mkono wa kulia hauinuki, na maneno yanamkwama. Tuandikie rufaa tu, twende Tanga."

Leticia, tabibu wa zamu, alitazama ule mkono. Kweli ulikuwa umelegea, na kalamu ya kuandikia rufaa ilikuwa mfukoni mwake. Lakini alipomfungua mzee kinywa, aliona ulimi mkavu, umepasuka. Akabana ngozi ya kifua kwa vidole, ikabaki imesimama. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio, na presha ilikuwa chini. Aliona pia kidonda kwenye kisigino, kimevimba na kutoa usaha.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Mwatumu. "Mzee ana kisukari?"

"Marahaba, mwanangu. Anacho, miaka mingi. Ila vidonge aliacha wiki iliyopita, alipopata homa ya hicho kidonda. Chakula kilikuwa hakipandi, akaona dawa za nini."

Leticia alimchoma mzee kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Badala ya namba zilitokea herufi mbili: HI.

"Kimeharibika?" Ayubu aliuliza.

"Hakijaharibika. Sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu." Akarudia kidole kingine baada ya kukiosha. Herufi zile zile. "Amekuwa akinywa maji?"

"Alikuwa akinywa mno," alijibu Ayubu. "Soda, juisi, chochote. Kiu haikatiki."

"Alikuwa. Na sasa?"

Ayubu alimgeukia mama yake. Bi Mwatumu aliviangalia vile viatu.

"Alianza kujikojolea kitandani," alisema taratibu. "Mtu aliyesomesha Kurani watoto wa kijiji kizima cha Ushongo. Alilia, daktari. Basi nikampunguzia maji. Nilitaka kumsitiri."

Sasa Leticia alielewa. Siku kadhaa sukari imekuwa ikimkamua maji yote kwa njia ya mkojo, na yaliyotoka hayakurudishwa. Hata huo mkono uliolegea huenda ulitokana na damu kuwa nzito na ubongo kukauka. Alisogeza pua karibu na kinywa cha mzee: hakuna harufu ya matunda yaliyooza, na pumzi hazikuwa za kuhema kwa nguvu. Walipompitishia mpira wa mkojo, kijiti cha kipimo kilionyesha sukari tele na ketoni kidogo tu: damu haikuwa imejaa asidi, bali ilikuwa imekauka maji.

Muuguzi Fanueli alikuwa tayari ameshavuta insulini kwenye sindano.

"Weka chini," Leticia alimwambia. "Maji kwanza. Sukari iliyomo kwenye damu ndiyo inayoyashikilia maji machache yaliyobaki. Ukiishusha sasa, maji yatakimbilia kwenye seli na presha itaanguka. Na potasiamu yake hatuijui; insulini huishusha, na ikiwa chini mno moyo unaweza kusimama."

Mishipa ilikuwa imenywea. Sindano ya kwanza ikashindwa, ya pili ikashindwa. Ayubu alianza kuzunguka. "Tunapoteza muda! Twende Tanga!"

"Akienda hivi alivyo, hafiki," Leticia alisema bila kuinua macho.

Safari ya tatu damu ilirudi kwenye bomba. Maji ya chumvi yakaanza kushuka kwa kasi. Leticia alimpigia Daktari Sadalla wa hospitali kubwa ya Tanga, akamweleza kila alichoona.

"Umefanya sawa," sauti ilisema. "Lita ya kwanza ndani ya saa moja, lakini sikiliza mapafu yasijae maji; huo ni moyo wa mzee. Muanzishie antibiotiki ya kidonda. Insulini tutaamua huku, na sukari tutaishusha polepole."

Gari la wagonjwa lilipofika, Leticia alipanda na mzee na Bi Mwatumu. Njia nzima aliweka kipimo cha kusikilizia mgongoni mwa mzee, akiogopa kusikia mapafu yanachemka kwa maji kuzidi. Hayakuchemka. Karibu na mji presha ilikuwa imepanda kidogo, na vidole vya mkono wa kulia vikamshika Leticia nguo.

"Maji," Mzee Idarusi alinong'ona.

Bi Mwatumu alijifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti.

Mzee alilazwa zaidi ya wiki. Mkono ulirudi wote, kidonda kikasafishwa, na Ayubu akafundishwa kumpima sukari nyumbani. Siku mzee aliporuhusiwa, Bi Mwatumu alimpigia Leticia simu.

"Hajui kama nilimnyima maji," alisema. "Nimwambie?"

"Mwambie, mama. Na mwambie kwamba akiugua tena, vidonge asiache kabla hajatuuliza, kiu asifiche, na akijikojolea mniite. Hilo lina dawa."

"Nitamwambia," Bi Mwatumu alisema. "Leo hii, akishaamka."