Chungu cha Sikio Moja

Guerschom, mbunifu wa michoro, alisoma barua ile mara tatu, na kila mara shaka ilizidi. Aliyeiandika ni Mama Santina Akwero, mwenye mkahawa karibu na Chuo cha Kyambogo. Alitaka sura mpya ya biashara yake: nembo, bango na orodha ya vyakula. Wateja wake, alieleza, ni wanafunzi na wahadhiri mchana, na jamaa za askari wa kambi ya jirani jioni. Bajeti, shilingi milioni tatu. Muda, wiki sita, kabla wanafunzi hawajarejea. Mwishoni aliongeza: "Njoo na penseli. Utachora chungu mbele yangu kabla ya mapatano."

"Papa Bienfait, usiende," alisema mkewe Marlène, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Umesahau yule wa Kasubi?"

Hakusahau. Mwaka uliopita bwana mmoja alimwomba vielelezo vitatu "vya kuchagua tu", akavipokea kwa barua pepe, akapotea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini tangu hapo Guerschom hakuwa amepata kazi ya maana, na kodi ya chumba chao cha Kamwokya haikungoja mtu. Akaenda.

Mlangoni alisimama akatazama juu. Kwenye bango la juu ya mlango palikuwa na chungu cha sikio moja, mvuke ukipanda kwa mistari mitatu. Kilikuwa chungu chake, alichokichora mwenyewe.

Mama Santina, mjane wa askari polisi, alimkalisha mbele ya sahani ya malakwang, mboga zilizoungwa kwa karanga, akamsukumia karatasi. "Chora, mwanangu."

"Sichori, Mama. Kwanza uniambie nani alikuuzia kile kilicho juu ya mlango wako."

"Ala! Mgeni hajanawa mikono, keshanifanya mshtakiwa!"

"Ni changu."

"Wa kwanza kuniuzia naye alisema ni chake. Kisha nikakiona kwenye mkahawa mwingine, wanafunzi wakanicheka. Nikamwuliza mbona hakina sikio la pili. Akasema ni mtindo." Akakunja mikono. "Nimewaandikia wabunifu wanne. Nataka kujua mikono yao kabla ya maneno yao. Haya, wewe, sikio liko wapi?"

"Bunagana, mpakani. Mama yangu alikibeba kichwani tulipokimbia vita. Umati ulitusukuma, likavunjika. Akaendelea kukipikia."

Mama Santina hakulainika. "Hadithi nzuri. Hata mwizi ana mama."

Ndipo Guerschom akafungua simu, akamwonyesha barua pepe aliyompelekea bwana wa Kasubi: tarehe, na vielelezo vyote vitatu. Cha kwanza ndicho kilichokuwa mlangoni. Viwili vilivyobaki hakuna aliyewahi kuvitundika.

Mama aliitazama tarehe, akaenda kuleta stakabadhi ya bango lake, akazilinganisha. Barua pepe ilitangulia kwa miezi miwili.

"Basi," alisema taratibu, "chungu kibaki. Kitengeneze upya, na jina lako liwe chini yake. Anza sasa."

Guerschom alirudisha penseli mfukoni.

"Kwanza mapatano kwa maandishi, Mama, na nusu ya malipo."

Mama Santina alimkazia macho, kisha akacheka. "Kula kwanza. Naleta kalamu."