Hatua Tisa za Kumsaidia Nevena

Katika hatua tisa za kumsaidia Nevena, nne zilikuwa za pilipili hoho, na Mwalimu Pavlina alikuwa ameshaziwekea sahihi zote.

Aligundua Ijumaa asubuhi, Bwana Tonev, naibu mkuu wa shule, alipomsimamisha kwenye ngazi akiwa na jalada mkononi.

"Mwalimu, hatua ya sita. Umeshaosha?"

"Nimeosha nini?"

"Pilipili. 'Mwalimu ataosha pilipili kwa maji ya bomba baada ya kuchomwa.' Wiki nzima imepita na safu ya utekelezaji iko tupu."

Pavlina alicheka. Bwana Tonev hakucheka. Ndipo alipoichukua ile karatasi na kuisoma kwa mara ya kwanza, kwenye ngazi zile zile, watoto wakimpita huku na huku.

Kikao chenyewe kilifanyika Alhamisi iliyopita. Tangu Septemba shule yao ilikuwa na utaratibu mpya: mwalimu anamwomba mzazi ruhusa, anawasha kinasa sauti, wanazungumza, kisha programu ya kompyuta inatoa muhtasari wa mambo waliyokubaliana. Pande zote mbili zinausoma, zinasahihisha palipokosewa, zinatia sahihi. Utaratibu mzuri kabisa, ila kwamba muhtasari wa Nevena ulifika Pavlina akiwa katikati ya kipindi cha hesabu, na ulimfikia Radostina, mama yake Nevena, akiwa kwenye cherehani kiwandani. Wote wawili walitia sahihi bila kusoma hata mstari. Nani anayesoma vitu hivyo?

Mwanzo wa muhtasari haukuwa na kasoro. Nevena, darasa la pili, apewe maandishi ya herufi kubwa. Akae mbele. Aulizwe maswali ya mtihani kwa mdomo na aongezewe muda. Nyumbani wasome dakika kumi na tano kila siku, mama asome sentensi kwanza, mtoto aifuate kwa kidole. Hatua nne hizo, na zote zilisemwa kweli.

Lakini hatua ya tano, iliyokuwa roho ya kikao kizima, haikuwemo. Saa mbili kwa wiki na mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Pavlina alikumbuka sababu na akajiona mjinga. Nyanya yake mtoto, Bibi Stoyanka, alikuwa amekaa pale pale mezani, na neno "mtaalamu" lilipoanza kutoka tu, bibi alijitanda kitambaa chake na kusema, "Kwetu hakuna wendawazimu." Basi Pavlina na Radostina wakatoka kwenye korido, wakakubaliana huko kwa kunong'ona, dakika kumi nzima. Kinasa sauti kilibaki mezani na bibi. Naye Ginka, mfanya usafi, akaingia na ndoo yake, na bibi hakuwa mtu wa kukaa kimya na mtu mzima mwenzake mwezi wa pilipili, ambapo kila nyumba huzichoma na kuzipika rojo la kuweka akiba kwenye chupa.

Programu haikumjua Ginka. Sauti yake ikaandikwa kuwa ya mwalimu.

Hatua ya tano: familia itanunua kilo ishirini za pilipili nyekundu. Hatua ya sita: mwalimu ataosha pilipili kwa maji ya bomba baada ya kuchomwa. Hatua ya saba: baba wa mtoto hataruhusiwa kukaribia sufuria. Hatua ya nane: rojo likorogwe mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Hatua ya tisa: pande zote zitakutana tena baada ya wiki sita kutathmini maendeleo.

"Bwana Tonev, haya ni mazungumzo ya Ginka!"

"Yana sahihi yako."

"Na saa za mtaalamu hazimo. Kituo cha wilaya kinafunga orodha leo saa nane. Asipoingia leo, mwaka mzima hana mtu."

"Hazimo kwa sababu hamkukubaliana. Kinasa sauti hakina chuki na mtu, mwalimu." Alilifunga jalada. "Halafu nikuambie, huyo mtoto hana tatizo lolote. Mimi mwenyewe nilimsikiliza mwezi uliopita, kitabu kizima alikisoma kama maji. Uvivu tu, na bibi anayemdekeza."

Pavlina alitamani kumpiga na jalada lile. Mwezi mzima alikuwa akimwambia: mtoto hasomi, anakariri. Anasikia ukurasa mara moja kwa wenzake, anaubeba kichwani, kisha anaupitishia kidole. Na kila alipojaribu kuthibitisha, Nevena alikuwa ameshaujua ukurasa.

Saa sita aliwaita wote ofisini. Radostina alifika na uzi begani. Bibi Stoyanka alifika na chupa ya rojo ndani ya mfuko, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Bwana Tonev aliisukuma chupa hadi pembeni ya meza, asije akaambiwa amehongwa, kisha akaiangalia tena na kuiandikia alama ya tiki kwenye hatua ya nane.

"Sasa unaandika nini, baba?" bibi akauliza.

"Utekelezaji."

"Yule mkorofi, baba yake Nevena, kakaribia sufuria, lakini nilimfukuza. Hilo nalo andika."

Akaandika.

"Tunaomba kurekebisha muhtasari," Radostina akasema. "Tulikosea kutia sahihi. Mwanangu anahitaji yule mtaalamu."

"Mama, mtoto anayesoma vizuri hivi nimpeleke kwa mtaalamu kwa hoja gani? Njoo, Nevena." Msichana alikuwa amesimama mlangoni, msuko mmoja umefumuka. Bwana Tonev akampa muhtasari. "Hapa kuanzia sita ni mambo ya pilipili. Hebu msomee mwalimu wako."

Nevena aliishika karatasi. Alimtazama nyanya yake kidogo, akaweka kidole chini ya mstari wa sita, akaanza, bila kukwama popote:

"Pilipili ikishaungua ngozi, ifunikwe ipumue, halafu imenywe kwa mkono. Isioshwe kamwe. Anayeosha anamwaga ladha yote, na huyo hajui kupika."

"Umeona?" Bwana Tonev akaegemea kiti. "Kama maji."

Bibi Stoyanka alikuwa anang'aa kwa fahari. "Ndivyo hasa nilivyosema! Yule Ginka akabisha, eti yeye huosha. Nikamwambia..."

"Bwana Tonev," Pavlina akasema taratibu, "hebu soma mwenyewe hapo penye kidole chake."

Bwana Tonev aliinama. Alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mwalimu ataosha pilipili kwa maji ya bomba. Kidole cha Nevena kilikuwa bado kimetua juu ya neno "ataosha."

Radostina alijiziba mdomo kwa kiganja na machozi yakamtoka. Hata bibi alikuwa ameelewa. Aliirudisha chupa yake mfukoni, kisha akaitoa tena, hajui aiweke wapi.

"Andika, baba," akasema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Huyo mtaalamu. Andika mimi mwenyewe nimekubali."

Bwana Tonev alichukua kalamu. Aliiangalia saa ya ukutani, saa sita na dakika arobaini, akaandika chini ya hatua ya tisa kwa mkono wake: hatua ya kumi, saa mbili kila wiki. Kisha akawapitishia wanawake wote watatu, na safari hii kila mmoja alisoma neno kwa neno kabla ya kutia sahihi.

Nevena alikuwa bado amesimama na kidole chake, akiwatazama mmoja mmoja, akijua amekamatwa ila hajui kwa lipi. Alimvuta Pavlina mkono wa sweta.

"Mwalimu," akanong'ona, "kwani hapo pameandikwa nini?"