Tundu Chini ya Kitako

Shangazi, mshonaji wa nguo, alimsimamia fundi bomba kichwani kama askari wa zamu, amfungie kwenye sinki bomba jipya alilojinunulia. Fundi akisema kitu hakiingii, yeye husikia kwamba fundi ana chake mfukoni cha kuuza.

"Haliingii vipi? La zamani nililipima mwenyewe. Sentimita tano, na hili tano!"

"Ulipima kitako cha bomba, Shangazi, kama unavyopima nguo, kwa nje. Kitako hufunika tundu tu. Tundu lenyewe ni milimita ishirini na nane, na shina la bomba jipya, linalopita humo, ni thelathini na mbili."

"Si ulipanue!"

"Nitalipanua. Lakini sinki ni la zege, unene sentimita sita, na shina lina urefu wa nne. Nati nitaifungia wapi huko chini?"

Shangazi alichomoa futi yake ya kushonea shingoni, akapima tundu, akapima ukingo, kisha shina. Ishirini na nane. Sita. Nne.

Akaikunja futi taratibu, akamkazia fundi macho.

"Kumbe hata futi yangu mmeshapatana nayo."