Chale ya Kulala

Kacha. Kacha. Halafu kishindo cha mkungu ukitupwa juu ya majani.

Sekela alisimama na mkungu wake kichwani, ndani ya ukungu wa milima ya Kisondela uliomficha hata miguu yake mwenyewe. Alingoja kacha ya tatu ya kisu cha Lukasi. Haikuja.

Kwa miaka miwili, tangu biashara iwe ruksa na malori ya watu binafsi yaanze kupakia ndizi barabarani, yeye na Lukasi walikuwa na alama moja kwenye kikonyo cha kila mkungu: chale mbili za kusimama, moja ya kulala juu yake. Za kusimama alichonga Lukasi, ya kulala Sekela. Lukasi akiwa peke yake, alimchongea Sekela na yake ya kulala. Amoni, aliyewapokelea mzigo Dar es Salaam, alizitazama chale akajua ndizi ni za wale wawili. Hata baba yake Sekela, aliyekuwa akingoja ng'ombe wa mahari, aliiona alama hiyo akaridhika kuendelea kungoja.

"Amesahau," Sekela alijiambia. Akatoa kisu, akaongeza ya tatu kwenye kila mkungu alioukuta umepungukiwa.

Jua lilipopanda walikaa kando ya barabara kungoja lori, wakimenya magimbi ya moto.

"Nikihamia Dar mwezi ujao," Lukasi alisema, akipuliza vidole, "haya magimbi nitayakumbuka."

Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Sekela hakushtuka. Wanaume huota mchana. Mwaka jana Lukasi aliota kununua mashine ya kusaga, na katika ndoto ile ufunguo alimpa Sekela. Basi akauliza taratibu.

"Dar sehemu gani?"

"Manzese, uani kwa Amoni. Chumba kidogo, kitanda cha futi tatu ndiyo mwisho wake."

"Utapika wapi?"

"Nipike nini? Mama ntilie wamejaa mlangoni."

"Unaondoka lini?"

"Tarehe nne, na lori la Fikirini."

Ndoto ukiihoji hukwama. Hii haikukwama popote. Ilikuwa na mlango, kitanda na tarehe, na ndani yake Sekela hakuona hata sufuria yake. Gimbi likampoa mkononi.

Lori lilifika. Fikirini, dereva, alishuka akicheka.

"Lukasi, Amoni kasema kitasa cha chumba chako kishawekwa. Shemeji, jikaze tu, tutakuwa tunakuletea salamu zake."

Lukasi akainama kutazama tairi lisilo lake.

"Dereva anajua," Sekela alisema. "Amoni anajua."

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

"Ukaona siku nzuri ni ya magimbi."

Fikirini akakumbuka kwamba maji ya rejeta hayajaangaliwa. Sekela akasogea karibu, asije Lukasi akasema hakusikia.

"Nakuuliza mara moja. Katika kuhama huko, mimi niko wapi?"

Lukasi aliligonga tairi kwa mguu. Katika kugonga kule Sekela alikwisha kujibiwa, lakini akamwacha aseme.

"Utakuja kutembea. Krismasi hivi."

"Kama mgeni."

"Usikuze mambo. Akina mama wa huku wanakuamini wewe. Ukiondoka, nani atanitafutia ndizi?"

"Na ng'ombe wa baba?"

"Ngoja kwanza nikakae sawa."

Sekela aliliendea lundo la ndizi. Katika lundo alijua mikungu yake mmoja mmoja, aliyoibeba kichwani tangu alfajiri. Akaivuta pembeni, akashika panga, akakata ncha za vikonyo. Vipande vyenye chale tatu vikadondoka kwenye vumbi kama vifuniko vya chupa. Kwenye kila kikonyo kipya alichonga kwa kisu chale moja, ya kulala.

"Unaniaibisha mbele ya watu," Lukasi alisema kwa sauti ya chini.

"Nakupunguzia mzigo. Fikirini, mwambie Amoni: zenye za kusimama ni za mpangaji wake. Za kulala tupu ni za Sekela, asizichanganye."

Lori liliondoka na ndizi za watu wawili. Lukasi alipanda nalo hadi mjini Tukuyu, akitazama mbele.

Mama Tusekile, mjane aliyewauzia tangu mwanzo, alifika akitweta na mkungu wa mwisho. Akaona barabara tupu, na vile vipande chini.

"Ndaga, mwanangu," alisalimu kwa Kinyakyusa. "Nimechelewa. Na mwenzako yuko wapi?"

"Ametangulia."

Mama Tusekile alikitazama kisu, akautazama uso wa Sekela, akageukia mkungu wake. "Basi huu nirudi nao? Utaniivia nyumbani."

Utomvu ulikuwa umeanza kuwa mweusi kwenye viganja vya Sekela. Wa ndizi hautoki kwa sabuni. Akaupokea mkungu, akauegemeza kwenye goti, akachonga mara moja.

Kacha.

"Uache kwangu, mama. Alhamisi nitakuja kuchukua mingine. Nitakuja mwenyewe."